Programu ya Kuposti Inajilipa? Hesabu ya Saa na Ada kwa Anayejitegemea

Ukiwa mtafsiri, mpiga picha, mbunifu wa nembo au mwandishi unayefanya kazi peke yako, posti zako ndizo tangazo lako. Ukiacha kuposti, wateja wapya wanapungua. Ukiposti kila siku kwa mkono, unaiba muda wa kazi ya mteja uliyenaye. Hapo ndipo tangazo la programu ya kupanga posti linapokuta umechoka, nalo linakuahidi kukurudishia saa kadhaa kila wiki kwa ada ndogo ya mwezi. Wengi hulipia kwa sababu ya uchovu huo, bila kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila ina kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya: analinganisha programu ya kulipia na kuposti kwa mkono. Katikati ya hizo mbili ipo njia ya tatu ya bure, yaani kupanga posti kwa vifaa vilivyomo ndani ya mitandao yenyewe. Ukiiruka njia hiyo, programu itapewa sifa ya muda ambao ungeuokoa bila kulipa chochote. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Nitatumia dola kwa sababu ada nyingi za programu hizi huandikwa kwa dola, lakini hesabu inafanya kazi kwa fedha yoyote.

Hatua ya kwanza: pima wiki mbili, na upasue posti vipande

Usikadirie kwa kumbukumbu. Mtu aliyechoka na jambo hulikumbuka kuwa refu kuliko lilivyo, na anayelipenda hulikumbuka kuwa fupi. Chukua daftari au karatasi ya hesabu kwenye kompyuta, na kwa wiki mbili za kawaida andika saa unapoanza na saa unapomaliza kila kipande cha posti. Wiki ya kawaida ni ile yenye kazi za wateja. Wiki ya mapumziko haitakuonyesha kitu.

Vipande ni vitano: kuwaza na kuandika maneno, kutengeneza picha au video, kupakia na kuweka kwenye kila mtandao, kuzurura baada ya kuposti, na kujibu watu. Nakuomba usikiache cha nne. Unafungua programu ya mtandao ili uweke posti, inakwenda hewani, kisha unajikuta unaangalia posti za wengine. Namna ya kukipima ni rahisi: andika saa ulipobonyeza kitufe cha kuchapisha, halafu andika saa uliporudi kwenye kazi ya mteja na kuandika sentensi au kuchora mstari wa kwanza. Tofauti kati ya saa hizo mbili ndiyo kuzurura. Nilipopima ya kwangu mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu ilikuwa karibu sawa na muda wa kuposti wenyewe.

Tumchukue mtafsiri mmoja na tuende naye hadi mwisho. Anaposti mara 4 kwa wiki, na kila posti inakwenda sehemu tatu: ukurasa wa Facebook, akaunti ya Instagram na LinkedIn. Baada ya wiki mbili za kupima, wastani wake kwa posti moja ni huu: kuandika dakika 25, picha dakika 15, kuweka kwenye mitandao mitatu dakika 12, kuzurura dakika 11, kujibu watu dakika 10. Jumla ni dakika 73, na kwa posti 4 anatumia dakika 292 kwa wiki, karibu saa 5.

Sasa angalia ni vipande gani ambavyo programu ya kupanga posti inavigusa. Maneno bado atayaandika mwenyewe, picha ataitengeneza mwenyewe, na watu wakiuliza bei atawajibu mwenyewe. Vilivyobaki ni kuweka na kuzurura, yaani dakika 23 kwa posti, dakika 92 kwa wiki. Kwa hiyo hata programu nzuri kupita zote, inayofanya kazi bila dosari, haiwezi kumrudishia zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki. Zile saa 5 alizokuwa anazilalamikia nyingi ni za kuandika na kubuni, na dawa yake ni nyingine kabisa, kwa mfano kuposti mara 3 badala ya 4.

Kabla ya kuendelea: posti zako zinaweza kupangwa?

Mahali penye wateja wako huenda pasiguswe na programu hata ukilipa. Facebook ilizuia programu za nje kuposti kwenye wasifu binafsi mwaka 2018. Zinaweza kuposti kwenye kurasa tu. Kama wateja wako wanatoka kwa marafiki wanaoona wasifu wako, dakika hizo ziandikie sifuri. Instagram inataka akaunti iwe ya kikazi ndipo programu ya nje iweze kuchapisha moja kwa moja. Na posti yenye wimbo kutoka maktaba ya muziki ya Instagram haiwezi kutumwa na programu ya nje. Inachofanya ni kukutumia arifa kwenye simu ili umalizie mwenyewe. Ukifika hapo, umefungua mtandao tena na kuzurura kumerudi pale pale.

Kwa anayeishi kwa hali za WhatsApp, jibu ni fupi: usilipie. Wanaouza vifaa vya kuweka hali kiotomatiki hutumia njia ambazo WhatsApp haijaziruhusu, na namba yako inaweza kufungiwa. Kupoteza namba ambayo wateja wote wanaijua ni hasara ambayo hakuna dakika zinazoweza kuifidia.

Mtafsiri wetu anatumia ukurasa, akaunti ya kikazi na LinkedIn, kwa hiyo dakika zake 92 zote zinagusika. Tunaendelea.

Hatua ya pili: tafuta pato lako halisi la saa

Bei unayomtajia mteja si pato lako la saa. Jumlisha fedha zote zilizoingia mkononi kwa miezi 3 iliyopita, baada ya makato ya majukwaa ya kazi na ya kutuma fedha. Kisha jumlisha saa zote ulizofanya kazi, pamoja na zile ambazo hakuna anayekulipa: kuandika maombi ya kazi, kujadiliana bei, kudai ankara, kusahihisha kwa mara ya tatu, na kuposti kwenyewe. Gawanya fedha kwa saa.

Mtafsiri wetu hutoza dola 10 kwa saa. Lakini kwa miezi 3 alipokea dola 2,160 na alifanya kazi saa 360, kwa hiyo pato lake halisi ni dola 6. Akitumia 10 kwenye hesabu hii, kila dakika anayookoa itaonekana na thamani kubwa kuliko iliyo nayo, na karibu programu yoyote itaonekana inafaa.

Ukishalijua pato hilo, unaweza kuigeuza ada kuwa saa. Programu anayoitaka inatoza dola 6 kwa kila akaunti kwa mwezi, na ana akaunti 3, hivyo ada ni dola 18. Gawanya kwa 6 upate saa 3. Hiyo ndiyo namba ya kuiweka mbele ya macho: programu lazima imrudishie saa 3 kila mwezi ili tu asipate hasara. Napenda kuanza na namba hii kwa sababu inamfanya mtu aione ada kama kazi atakayoifanya. Ukilipa kwa kadi kwa fedha isiyo ya nchi yako, ongeza na makato ya benki ya kubadilisha fedha, maana yatajirudia kila mwezi.

Hatua ya tatu: jaribu njia ya bure kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye jibu. Meta Business Suite inakuruhusu kupanga posti za ukurasa wa Facebook na Instagram kwa pamoja, bila malipo. LinkedIn ina alama ya saa kwenye kisanduku cha kuandikia posti, na unaweza kupanga hadi miezi 3 mbele. Ndani ya Instagram yenyewe, akaunti ya kikazi inaweza kupanga hadi siku 75 mbele. YouTube nayo ina sehemu ya kupanga ndani ya YouTube Studio. Chagua siku moja ya wiki, kaa mara moja, panga posti zote za wiki, kisha ufunge. Fanya hivyo wiki mbili, ukipima kama mwanzo.

Mtafsiri wetu alipofanya hivyo, kila posti ilimchukua dakika 4 kwa Facebook na Instagram na dakika 3 kwa LinkedIn. Posti 4 zikawa dakika 28. Kuzurura kulibaki mara moja tu kwa wiki, dakika 10. Jumla dakika 38 badala ya 92. Ameokoa dakika 54 kila wiki na hajalipa kitu.

Ukitazama kwa makini, sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kukaa mara moja badala ya mara nne, na kuzurura kukapungua kutoka dakika 44 hadi 10. Programu za kulipia hujitangazia hasa nafuu hiyo.

Hatua ya nne: jaribu ya kulipia, na upime wiki ya pili

Programu nyingi hutoa siku za majaribio. Anza majaribio mwanzoni mwa wiki yenye kazi, na siku hiyo hiyo jiwekee kikumbusho kwenye simu cha siku mbili kabla ya majaribio kuisha, usije ukakatwa fedha kwa kusahau. Wiki ya kwanza haihesabiki, kwa sababu ni ya kujifunza. Pima ya pili.

Pima mambo mawili ambayo njia ya bure inayo kidogo au haina kabisa. La kwanza ni kukagua kama posti zimekwenda kweli. La pili ni matengenezo. Programu ya nje huingia kwenye akaunti zako kwa kibali ambacho kina mwisho wake. Kwa Facebook na LinkedIn kibali hicho kwa kawaida hudumu siku 60. Kinaweza pia kukatika mara moja ukibadilisha nywila. Kikikatika unatakiwa kuunganisha akaunti upya, na kama hukuona barua pepe ya onyo, posti zinakaa kwenye foleni bila kutoka.

Hilo lilinipata. Nilikuwa na tafsiri ndefu ya kukabidhi, nikapanga posti za wiki mbili, nikafunga kila kitu. Siku ya tisa mteja wa zamani aliniandikia: "Habari za siku nyingi, bado unafanya kazi? Naona umenyamaza." Nilipofungua programu nilikuta posti 5 zina alama nyekundu, na barua ya onyo imelala kwenye folda ya matangazo. Tangu hapo kila Jumatano na Jumamosi natazama kurasa zenyewe kwa macho yangu, na dakika hizo naziandika kama gharama ya programu.

Kwa mtafsiri wetu, programu ya kulipia ilichukua dakika 4 kwa posti kwa mitandao yote mitatu, pamoja na kurekebisha maneno ya LinkedIn. Hiyo ni dakika 16. Kukagua, dakika 6. Jumla dakika 22 kwa wiki. Matengenezo aliyakadiria dakika 15 kwa mwezi.

Hatua ya tano: linganisha na jirani sahihi

Kwanza tupige hesabu kama wengi wanavyoipiga. Kwa mkono dakika 92, kwa programu dakika 22, tofauti 70 kwa wiki. Mwezi una wiki 4.33, hivyo ni dakika 303. Toa 15 za matengenezo, zinabaki 288, karibu saa 4.8. Zidisha kwa dola 6 upate dola 28.80. Ada ni 18. Inaonekana kuna faida ya karibu dola 11 kila mwezi, na mtu analipia akiwa na amani moyoni.

Sasa tulinganishe na njia ya bure. Dakika 38 kwa 22, tofauti ni 16 kwa wiki, yaani 69 kwa mwezi. Toa 15, zinabaki 54. Thamani yake ni kama dola 5.40, na ada ni ile ile 18. Ni hasara ya dola 12 na ushee kila mwezi. Mtu ni yule yule, programu ni ile ile, na kila dakika imepimwa kwa uaminifu. Kilichobadilika ni kitu alicholinganisha nacho.

Kwenye karatasi ya hesabu, weka kwenye B2 dakika unazookoa kwa wiki ukilinganisha na njia ya bure, B3 dakika za matengenezo kwa mwezi, B4 pato lako la saa, B5 sehemu ya muda unaouzika, na B6 ada ya mwezi. Kisha andika:

```
=(B2*52/12-B3)/60*B4*B5-B6
```

Jibu likiwa na alama ya kutoa, programu inakula fedha yako. Ukiweka namba za mtafsiri wetu na 1 kwenye B5, utapata karibu -12.57.

Hiyo B5 inahitaji maelezo. Saa uliyookoa ina thamani ya fedha pale tu unapopata kazi ya kuiweka ndani yake. Kama una foleni ya kazi na unakataa wateja, andika 1. Kama kazi zinakuja kwa kusuasua, andika 0.5 au chini yake. Dakika nyingi ndogo zilizotawanyika nazo ni vigumu kuziuza: dakika 3 zilizookolewa asubuhi na 4 za mchana hazitafsiri ukurasa. Ninavyoona mimi, anayeanza na hana kazi za kutosha ana muda mwingi kuliko fedha, na ndiye asiyepaswa kulipia, ingawa matangazo humlenga yeye zaidi. Muda wa kupumzika nao una thamani, sikatai. Lakini uandike pembeni kama sababu nyingine ya kulipia, usiuchanganye na dola.

Usiongeze pia kwenye hesabu wafuasi au wateja unaotarajia kwa sababu utakuwa unaposti bila kukosa. Kutokosa ni faida ya kweli, lakini njia ya bure nayo inakupa hiyo hiyo.

Na usilipie kwa faida nyembamba. Makadirio ya dakika huteleza, na wiki mbili za kupima si maisha yote. Kipimo changu ni kwamba thamani ya dakika zilizookolewa ifike angalau mara mbili ya ada. Kwa ada ya dola 18 na pato la dola 6, hiyo ni saa 6 kwa mwezi juu ya zile ulizookoa kwa njia ya bure.

Pale hesabu inapogeuka

Jibu hubadilika unapoanza kuposti kwa niaba ya wengine. Tuseme mtafsiri huyu amepata wateja 4 wanaomlipa aendeshe kurasa zao, kila mmoja ana akaunti 3. Zile dakika 69 za mwezi sasa ni mara 4, yaani 276. Lakini jipya zaidi ni idhini. Kabla ya posti kwenda hewani mteja anataka kuiona, na kuituma picha kwa ujumbe, kusubiri, kurekebisha na kutuma tena kulimchukua dakika 25 kwa kila mteja kwa wiki. Programu yenye sehemu ya idhini, ambapo mteja anafungua kiungo na kubonyeza kukubali, ikiondoa dakika hizo zote inamrudishia 433 kwa mwezi. Jumla ni 709; toa matengenezo ya akaunti nyingi, tuseme 60, zinabaki 649, karibu saa 10.8. Kwa dola 6, ni dola 65.

Ada sasa inategemea jinsi programu inavyotoza. Ile ya dola 6 kwa akaunti itamtoza 72 kwa akaunti 12, na bado anapata hasara. Nyingine inayotoza dola 40 kwa mtumiaji mmoja bila kujali idadi ya akaunti inamwachia 25. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vitufe na rangi, soma ukurasa wa bei na uulize ada inapanda kwa kitu gani: akaunti, watumiaji, au idadi ya posti. Hata hiyo ya 40 haijafika mara mbili ya ada. Hapo ningefanya jambo moja: ningeiingiza ada kwenye bei ya wateja, dola 10 kila mmoja, tena kabla ya kusaini makubaliano, kwa sababu kuiongeza baadaye ni vigumu.

Ukiamua kulipia, lipa kwa mwezi. Punguzo la mwaka linavutia, lakini linakufunga kabla hujajua kama utaunganisha akaunti upya mara mbili au mara kumi. Baada ya miezi 3 pima tena wiki moja, na urudishe namba mpya kwenye B2 na B3. Ikiwa jibu limeshuka, nakili kwanza maneno ya posti zote zilizoko kwenye foleni, zipange upya ndani ya mitandao yenyewe, ukague kwa macho kwamba ya kwanza imetoka, ndipo usitishe malipo.